Kapa imeshuka nilipoweka uzito: 0.51, kisha 0.45, kisha 0.34. Nimekosea wapi?

BintiMambrui

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Niko mwaka wa mwisho wa uuguzi na mradi wangu nimeufanyia hapa Malindi, upande wa watoto. Nimekwama kwenye hesabu na sina budi kuwasilisha sura ya matokeo baada ya wiki mbili.

Niliwapima watoto 120 walipofika. Kila mtoto nilimpanga kwa utaratibu wa ETAT wa triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uharaka, katika kundi moja kati ya matatu: Dharura, Kipaumbele au Foleni. Mtoto huyo huyo alipangwa pia na nesi mmoja mzoefu, kila alipopata nafasi ya kumwona. Kila mmoja alikuwa na fomu yake na hatukuonyeshana. Swali la utafiti ni moja tu: je, sisi wawili tunakubaliana kiasi gani?

Tumekubaliana kwa watoto 102, yaani 85%. Nikafurahi. Halafu msimamizi akaniambia asilimia peke yake haitoshi, niweke kapa, yaani kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale yanayotokea kwa bahati, na kwa vile makundi yana ngazi niweke kapa yenye uzito, ambayo kwa data kama yangu "itapanda". Nimefanya hivi kwenye programu ya R:

```
library(irr)
table(triaji$mwanafunzi, triaji$nesi)
kappa2(triaji[, c("mwanafunzi", "nesi")], "unweighted")
kappa2(triaji[, c("mwanafunzi", "nesi")], "equal")
kappa2(triaji[, c("mwanafunzi", "nesi")], "squared")
```

Ya kwanza imetoa 0.510, ya pili 0.449, ya tatu 0.338. Badala ya kupanda inashuka, tena kwa hatua kubwa. Jedwali lenyewe ni hili, mistari ni yangu na safu ni za nesi:

```
             Dharura  Foleni  Kipaumbele
Dharura         3        1         2
Foleni          0       91         5
Kipaumbele      1        9         8
```

Nimerudia kuingiza fomu zote 120 upya jana usiku nikidhani nimekosea kuandika. Majibu ni yale yale.

AfisaGongoni

Wa aleikum salaam, dada. Mimi ni afisa wa kliniki, nilipita njia hiyo hiyo miaka michache nyuma. Hujakosea popote. Kapa yenye uzito inaadhibu makosa makubwa zaidi kuliko makosa madogo. Unapoadhibu, alama zinapungua. Ndiyo maana ya uzito wa mraba kushuka zaidi ya ule wa kawaida: adhabu yake ni kali zaidi.

Ushauri wangu, andika 85% na uache kapa isiyo na uzito kwenye mabano. Waliosahihisha kazi yangu walisema chini ya 0.60 hawaipokei, lakini 85% hakuna anayeweza kuikataa.

TangaMbili

BintiMambrui, kabla hujafuata lolote, tazama jedwali lako tena. Usitazame tarakimu, tazama majina ya safu. Dharura, Foleni, Kipaumbele. Huo ni mpangilio wa abc.

Kompyuta haijui kwamba Kipaumbele kiko katikati ya Dharura na Foleni. Umeipa maneno, nayo imeyapanga kwa herufi: D, F, K. Kwa hiyo wakati wa kuweka uzito inaamini kwamba kutoka Dharura kwenda Foleni ni hatua moja, na kutoka Dharura kwenda Kipaumbele ni hatua mbili. Mtoto anayekata roho ukimweka kwenye foleni, programu inahesabu kosa dogo. Ukimweka kwenye kipaumbele, inahesabu kosa kubwa. Ni kinyume kabisa cha wodi.

Kapa ya kwanza, ile isiyo na uzito, haikuathirika, kwa sababu kwake kutokubaliana ni kutokubaliana tu, haina habari ya hatua. Hiyo 0.510 ni sahihi. Nyingine mbili zitupe.

Badilisha maneno kuwa namba kwa mpangilio wa uharaka, halafu rudia:

```
ngazi <- c("Dharura", "Kipaumbele", "Foleni")
triaji$m <- match(triaji$mwanafunzi, ngazi)
triaji$n <- match(triaji$nesi, ngazi)
kappa2(triaji[, c("m", "n")], "equal")
kappa2(triaji[, c("m", "n")], "squared")
```

AfisaGongoni, kwa heshima, maelezo yako yanavutia lakini hayasimami. Uzito unaongeza adhabu upande wa yale yaliyotokea na upande wa yale yanayotarajiwa kutokea kwa bahati, vyote viwili kwa pamoja. Inapanda au kushuka kutegemea makosa yenu yamekaa wapi. BintiMambrui na nesi hawakukubaliana kwa watoto 18, na kwa 17 kati yao wametofautiana kwa hatua moja tu. Ni mtoto mmoja aliyeruka kutoka Dharura hadi Foleni. Data ya namna hiyo lazima ipande ikiwekwa uzito. Msimamizi wako alisema kweli, na kule kushuka ndiko kulikonionyesha kuna kitu kimekaa upande.

BintiMambrui

Subhanallah. Zimetoka 0.578 na 0.659.

Siku mbili nimekuwa nikitafuta kosa kwenye fomu, kumbe kosa liko kwenye alfabeti. Shukran sana, TangaMbili. Sasa nina kapa tatu: 0.51, 0.58, 0.66. Kwenye ile ngazi ya Landis na Koch ya kutafsiri kapa, mbili za mwanzo ni makubaliano ya wastani, na ya tatu inaingia kwenye makubaliano makubwa. Je, niweke hiyo ya 0.66?

TangaMbili

Pendekezo lako la utafiti lilisema nini? Lile ulilolipeleka kwenye kamati ya maadili kabla hujaanza.

BintiMambrui

Limesema "kapa ya Cohen". Halikutaja uzito.

TangaMbili

Basi 0.51 ndiyo jibu lako la kwanza, kwa sababu ndiyo uliyoiahidi. Ya uzito iweke kando yake na useme wazi kwamba umeiongeza baadaye na kwa nini. Ukichagua 0.66 kwa kuwa ndiyo kubwa, msahihishaji mwenye macho atakuuliza swali moja tu na utakwama: kwa nini mraba?

Na ni swali zuri hata nje ya chumba cha kutetea. Uzito wa hatua sawa unasema kumtupa mtoto wa Dharura kwenye Foleni ni kosa mara mbili ya kumshusha hadi Kipaumbele. Uzito wa mraba unasema ni mara nne. Wewe uliyesimama pale mlangoni, lipi ni kweli? Hilo halijibiwi na takwimu, linajibiwa na anayejua mtoto wa Dharura akikaa foleni saa nzima anakuwaje. Mimi binafsi naona mara nne ni karibu na ukweli zaidi, lakini kuna ninaowaheshimu wanaoukimbia mraba kwa sababu unasamehe mno makosa ya hatua moja. Kwenye triaji, kosa la hatua moja kati ya Dharura na Kipaumbele si la kusamehewa.

Kuhusu Landis na Koch: waliandika 1977, na wenyewe walikiri kwamba mipaka yao wameichora tu, haikutokana na kipimo chochote. Itumie kama lugha ya kuelezea. Mstari wa kufaulu na kufeli isiwe.

BabaSwaleh

Samahani wataalamu, mimi ni mzazi, nimeingia humu kwa sababu ya neno triaji. Mwaka jana mwanangu aliwekwa foleni akiwa na homa kali, na baadaye daktari akasema alistahili kuonwa mapema. Sasa hapa nasoma kwamba kwa watoto 18 hawakukubaliana. Je, ni nani aliyekosea, mwanafunzi au nesi? Na hao watoto 102 ndio waliopangwa sawasawa?

NesiMokowe

BabaSwaleh, pole kwa yaliyomkuta kijana. Nimefanya kazi hii miaka mingi huku Lamu, na nitakujibu kama nesi, si kama mwanahesabu.

Kapa haisemi nani amekosea. Inasema tu kama watu wawili, wakimtazama mtoto mmoja, wanafikia neno moja. Hata hao 102 huwezi kusema wamepangwa sawasawa. Kama sisi wawili tumefundishwa vibaya na mwalimu mmoja, tuseme hatujui kubonyeza kidole na kuhesabu sekunde mpaka damu irudi, basi wote wawili tutampita mtoto mwenye mshtuko na kumweka foleni. Tutakubaliana vizuri sana na kapa yetu itakuwa juu. Mtoto atakuwa hatarini vile vile.

Kujua nani yuko sawa kunataka kitu cha tatu: daktari bingwa aliyempima kikamilifu, au kilichompata mtoto baadaye, kama alilazwa au alihitaji oksijeni. Utafiti wa BintiMambrui haukuuliza hilo, na si kosa lake. Ila asiandike "usahihi" mahali popote kwenye kazi yake. Aandike "makubaliano".

BabaSwaleh

Nimeelewa. Ahsante, dada. Basi ningependa mtu afanye huo utafiti wa pili.

AfisaGongoni

TangaMbili, nakubali kuhusu uzito, nimejaribu kwa mkono na nimeona. Lakini bado sijaridhika na hili la 85%. Watu wawili wamekubaliana mara 102 kati ya 120. Unawezaje kuniambia hayo ni makubaliano ya "wastani"? Ukimwambia muuguzi mkuu wetu 0.51 atadhani wamekubaliana nusu tu.

TangaMbili

Hapo umegusa penyewe, na hiyo tafsiri ya "nusu tu" naiona kila mwaka.

Nikupe mfano wa kwetu. Waite manahodha wawili hapa Malindi kila asubuhi ya mwezi wa Julai, kila mmoja pembeni, uwaulize upepo wa leo ni wa wapi. Wote watakwambia kusi. Watakubaliana karibu kila siku, na wala hujajua kama wanaujua upepo. Hata mtoto wa chekechea aliyefundishwa kusema "kusi" atakubaliana nao. Wapeleke wakati wa tanga mbili, upepo unapogeukageuka, hapo ndipo utajua nani anaujua na nani anakariri.

Watoto wa BintiMambrui wengi ni Julai. Yeye ameweka watoto 96 kati ya 120 kwenye Foleni, ambayo ni 80%. Nesi ameweka 101, kama 84%. Tuseme wote wawili wamefunga macho na kugawa fomu ovyo, ila kila mmoja anabaki na mgao wake huo huo. Zidisha 80% kwa 84%: kwenye Foleni peke yake watakutana kama mara 67 katika kila 100. Ongeza mikutano michache ya Kipaumbele na Dharura, unafika 69%. Hiyo ndiyo bure, inapatikana bila kumtazama mtoto hata mmoja.

Sasa kutoka 69 hadi 100 kuna nafasi ya 31. Wao wamefika 85, yaani wamepata 16 katika hiyo 31. Ukigawanya bila kukadiria, 15.6 kwa 30.6, unapata 0.51. Kwa hiyo ukimweleza muuguzi mkuu, mwambie hivi: katika ile sehemu ambayo bahati haikuweza kuwapa, wamepata nusu. Wala usimwambie wamekubaliana kwa nusu ya watoto.

Lakini nakupa haki yako mahali pengine. Kapa inabanwa sana mahali ambapo kundi moja limemeza karibu wote. Wapimaji hawa hawa, kwa ustadi huu huu, wakipelekwa kwenye wodi ya dharura ambako makundi yamegawana sawa zaidi, wanaweza kutoa kapa ya juu kuliko hii. Kwa hiyo kuilinganisha 0.51 ya kliniki ya kawaida na kapa ya hospitali ya rufaa ni kulinganisha Julai na tanga mbili. 85% iandikwe, kapa iandikwe, na jedwali zima liwekwe ili msomaji aone mwenyewe. Ningekuwa mimi, jedwali ningelitanguliza.

Na ukilitazama jedwali kundi kwa kundi linakwambia jambo ambalo kapa moja inalificha. Foleni wanakubaliana vizuri mno. Kipaumbele mwanafunzi amewaweka 18, nesi 15, na wamekutana kwa 8 tu. Karibu shida yote iko kwenye Kipaumbele.

NesiMokowe

Hilo la Kipaumbele halinishangazi. Dharura inajionyesha: mtoto ana degedege, hapumui vizuri, mikono baridi. Kipaumbele ni orodha ndefu ya kukumbuka: mtoto chini ya miezi 2, weupe wa viganja, sumu, maumivu makali, mtoto msumbufu au mlegevu, aliyeletwa kwa rufaa, uvimbe wa miguu, kuungua. Ukisahau kimoja mtoto anaanguka Foleni.

Lakini mimi jicho langu liko kwa yule mtoto mmoja. BintiMambrui amesema Dharura, nesi amesema Foleni. Watu wawili waliofundishwa hawapishani hivyo kwa mtoto mmoja, isipokuwa si mtoto yule yule tena.

Niwape yetu. Hapa tulijaribu kitu kama hiki kwa wagonjwa wanaokuja kwa boti kutoka upande wa Faza na Kizingitini. Mpimaji wa kwanza alikuwa gatini, wa pili ndani kituoni. Makubaliano yalikuwa mabaya, tukaanza kulaumiana mafunzo. Kumbe mgonjwa anashuka kwenye boti amechafukwa na bahari, ametapika, mapigo yanakimbia. Akipumzika kivulini na kunywa maji, ni mtu mwingine. Tukabadilisha, wakawa wanasimama pamoja. Wakaanza kunong'onezana, na makubaliano yakawa ya kupendeza mno, nayo hayakuwa na maana yoyote, kwa sababu ilikuwa rai ya mtu mmoja imeandikwa mara mbili. Hatukuwahi kuumaliza ule utafiti.

BintiMambrui, kwenye andiko lako la kwanza umesema nesi alimwona mtoto "kila alipopata nafasi". Fomu zenu zina saa?

BintiMambrui

Zina saa, namshukuru Mungu. Niliweka kwa sababu ya fomu ya hospitali tu, sikuwa na nia ya kuitumia.

Nimetoa ile fomu. Mtoto wa miaka 4, mimi nimemwona saa 3:10 asubuhi. Nimeandika: anapumua kwa shida sana, mbavu zinaingia ndani, hawezi kuongea. Nikamweka Dharura na akaingizwa mara moja, akapewa dawa ya pumu kwa mashine ya mvuke. Nesi amemwona saa 3:55. Ameandika: anacheza, anapumua vizuri, hana dalili. Foleni.

Sote wawili tuliandika tulichokiona. Nimekaa na hizo fomu mbili mkononi muda mrefu.

Halafu nikafanya alichonifundisha NesiMokowe bila kuniambia nifanye. Nimetoa tofauti ya saa kwa watoto wote. Watoto 23 walionwa na nesi zaidi ya nusu saa baada yangu. Katika wale 18 tuliotofautiana, 11 wako kwenye hao 23.

TangaMbili

Hiyo ndiyo kazi ya maana zaidi kwenye uzi huu, na umeifanya wewe. Naomba jambo moja. Hao 11, nesi amewaweka chini yako au juu yako? Na wale 7 waliobaki?

BintiMambrui

Kati ya 11, nesi amewaweka kwenye uharaka mdogo kuliko mimi kwa watoto 9, na mkubwa kwa 2. Wale 7 waliobaki: mdogo kwa 3, mkubwa kwa 4.

TangaMbili

Basi hapo pamejibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Watu wawili wanaotofautiana kwa sababu wanaona mambo kwa macho tofauti hutofautiana pande zote, kama hao 7: watatu huku, wanne kule. Hao 11 wanateremka karibu wote upande mmoja, na wote walichelewa kuonwa. Hicho si kipimo cha watu wawili tena. Sehemu kubwa ni kipimo cha mtoto kabla ya dawa na mtoto baada ya dawa.

AfisaGongoni

Basi aondoe hao 23 na apige hesabu kwa waliobaki 97. Nimempigia kwa mgao aliotoa, naona watakubaliana 90 kati ya 97, karibu 93%.

BintiMambrui

Nimepiga. Kapa isiyo na uzito ni 0.73 kwa watoto 97.

Moyo wangu umeruka, lakini nimejifunza humu nisifurahie namba haraka. Naruhusiwa?

TangaMbili

Naruhusu uiandike. Sikuruhusu uifanye jibu kuu. Uamuzi wa kukata kwenye nusu saa umeufanya baada ya kuyaona majibu. Kwa nini si dakika 20? Kwa nini si 45? Ukizunguka na mkasi mpaka namba ipendeze, utapata tu pa kukata. Jibu kuu libaki 0.51 kwa watoto 120, halafu eleza hadithi ya muda na uweke 0.73 kama uchambuzi wa ziada.

Na usizitazame hizo mbili kama ni namba zilizochongwa kwenye jiwe. Kwa watoto 120, na Dharura wachache namna hiyo, 0.51 yako inaweza kuwa popote kati ya 0.30 na 0.72 hivi kwa uhakika wa 95%. Andika hiyo masafa kila unapoandika kapa. Ukiiandika, mjadala wa "wastani" au "makubwa" unajifia wenyewe, maana masafa yako yanagusa yote mawili na hata lile la chini yake.

NesiMokowe

TangaMbili, hapa tunaachana. Nakuheshimu, lakini wewe unaangalia uaminifu wa hesabu na mimi naangalia kilichopimwa. Swali la utafiti lilikuwa watu wawili na mtoto mmoja. Kwa hao 23 hapakuwa na mtoto mmoja. Ukibaki nao kwenye jibu kuu, unamwambia msomaji kwamba mwanafunzi na nesi wanatofautiana kiasi hicho, na si kweli. Kesho mtu atachukua 0.51 hiyo akasema wanafunzi wa uuguzi wasiachiwe mlango wa triaji. Kosa la utaratibu linageuka aibu ya binti wa watu.

TangaMbili

Hofu hiyo ninaielewa, na sina jibu la kuiondoa yote. Lakini kumbuka hata kati ya hao 23 wamo 12 waliokubaliana. Ukiwatoa wote, umetoa na hao. Na hatujui kwa kila mmoja kama alitibiwa katikati au alikaa tu benchi akisubiri. Mtoto wa Foleni aliyekaa benchi dakika 40 bado ni mtoto yule yule.

NesiMokowe

Hilo la benchi ni kweli. Basi BintiMambrui atafute kwenye fomu nani alipewa dawa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Huo ndio mkato wenye sababu ya kitabibu, saa peke yake ni kivuli chake.

TangaMbili

Huo nakubaliana nao kuliko wa nusu saa. Bado nasema uwe wa pili.

BintiMambrui

Nimesoma yote mara mbili. Kwa sasa nimeandika hivi kwenye rasimu: jedwali zima mwanzoni, 85%, kapa 0.51 na masafa yake, kisha kapa ya hatua sawa 0.58 nikisema niliiongeza baadaye. Ya mraba nimeiacha, sijapata hoja ya kuitetea mbele ya watu. Chini yake kifungu cha muda na 0.73. Faili la dawa liko kwenye rejista ya chumba cha matibabu, na lazima niombe ruhusa upya kwa kamati kabla sijaifungua, kwa hiyo hilo la dawa huenda lisiwahi wiki mbili hizi. Kama jibu kuu ni la 120 au la 97, nitampelekea msimamizi hoja zenu zote mbili kama zilivyo.

AfisaGongoni, ahsante kwa kupiga hesabu. BabaSwaleh, huo utafiti wa pili nimeuandika kwenye mapendekezo.

NesiMokowe

Ukipata nafasi, tuwekee picha ya fomu tupu, hasa ulivyoweka sehemu ya saa. Tunataka kujaribu tena hapa Mokowe, na safari hii mpimaji wa pili atakaa upande wa pili wa pazia, amwone mtoto ndani ya dakika 5 kabla ya dawa yoyote, isipokuwa wa Dharura. Hao hatutawasubirisha kwa ajili ya utafiti, na sijui bado tutawahesabuje.